Wasifu Ulioandikwa na Simu Yako, na Namna ya Kuufuta

Desemba 2018, mwandishi wa gazeti la Washington Post, Gillian Brockell, aliandika barua ya wazi kwa makampuni makubwa ya teknolojia. Mwanawe alikuwa amezaliwa akiwa amefariki. Kwa miezi kadhaa kabla ya hapo mitandao ilikuwa imejua kwamba ni mjamzito, kwa sababu alitafuta nguo za wajawazito, aliweka picha na alinunua vitu mtandaoni. Baada ya msiba, matangazo ya vitu vya watoto yaliendelea kumfuata. Alipobonyeza sehemu ya kusema kwamba hataki kuliona tangazo fulani, na kuchagua sababu kwamba halimhusu, mfumo ulielewa kwamba basi ameshajifungua salama, ukaanza kumwonyesha sidiria za kunyonyeshea na mbinu za kumlaza mtoto mchanga usiku.

Mkuu mmoja wa matangazo wa Facebook alimjibu hadharani, akamwomba radhi na kumweleza kwamba ulikuwepo mpangilio wa kuzuia matangazo ya malezi. Ulikuwepo kweli. Lakini nani, akiwa katika hali ile, angejua pa kuutafuta?

Kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo wengi hawalitambui. Kulikataa tangazo moja hakumfuti mtu kwenye kumbukumbu za kampuni. Nyuma ya tangazo kuna wasifu, na nyuma ya wasifu kuna rundo la kumbukumbu za mambo ambayo mtu alitafuta, alitazama na alifungua. Anayetaka kujinasua lazima alifikie hilo rundo. Makala hii inafuata njia hiyo kwenye akaunti ya Google, kwa kuwa ndiyo iliyo ndani ya karibu kila simu ya Android, na watu wengi waliifungua siku waliponunua simu kwa sababu tu duka la programu lilidai hivyo.

Tuseme yupo mwalimu mjini Morogoro. Anajenga nyumba polepole, hivyo kila wiki anatafuta bei za mabati, saruji na nondo. Mpwa wake anaazima simu hiyo jioni kuangalia matokeo ya mpira na kurasa za kubeti. Mwaka jana mwalimu aliwahi kutafuta habari za mikopo, mara mbili tatu hivi, akaacha. Sasa kila anapofungua YouTube kutafuta nyimbo za kwaya, anakutana na mikopo ya haraka na kampuni za kubeti. Wazo lake la kwanza ni kutafuta kitufe kimoja cha kufuta hayo yote.

Kitufe hicho hakipo. Vipo vitatu au vinne, kila kimoja kinafanya kazi yake, na mpangilio wa kuvibonyeza una maana.

Mahali pa kuanzia ni ukurasa uitwao My Ad Center, ambao Google iliufungua kwa umma mwaka 2022. Anwani yake ni myadcenter.google.com, na mtu anaweza pia kuufikia kwa kugusa nukta tatu zilizo pembeni mwa tangazo kwenye YouTube au kwenye matokeo ya utafutaji. Juu kabisa kuna swichi ya "Personalized ads", yaani matangazo yanayochaguliwa kwa kumtazama mtu mwenyewe. Kishawishi ni kuizima papo hapo. Ni vizuri kusubiri kidogo na kusoma kwanza yaliyomo, maana hapa ndipo mahali pachache ambapo kampuni inamwonyesha mtu jinsi inavyomwona.

Katika sehemu ya "Customize ads" mwalimu wetu atakuta orodha ya mada na majina ya biashara: vifaa vya ujenzi, huduma za fedha, soka. Katika sehemu ya "Manage privacy" atakuta jambo zito zaidi. Pale kuna makisio kuhusu maisha yake: kiwango cha elimu, kama ana mwenza, kama ana watoto, kama anamiliki nyumba, kipato cha kaya, na aina ya kazi anayofanya. Hakuna mtu aliyekuja kumhoji. Mfumo unalinganisha mwenendo wake na mwenendo wa watu wengine, kisha unakisia. Mara nyingi unakosea, hasa pale simu inapotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, na nyumba nyingi za kwetu zina simu za namna hiyo. Kila kisio linaweza kurekebishwa au kuzimwa.

Ipo pia sehemu ya mada nyeti, ambamo mtu anaweza kupunguza matangazo ya pombe, kamari, kutafuta wachumba, kupunguza uzito, na ujauzito na malezi. Mwalimu atazima ya kamari hapa. Mzazi aliyefiwa na mtoto atazima hiyo ya mwisho. Inafaa kuzingatia kwamba Google yenyewe inasema itapunguza, haisemi itakomesha. Tangazo la kubeti linaweza bado kujitokeza kwenye ukurasa wa michezo, kwa sababu limewekwa kwa kufuata ukurasa, bila kujali nani anausoma.

Baada ya kusoma na kurekebisha, swichi ya juu inaweza kuzimwa. Hapo ndipo watu wengi wanaposimama, wakidhani kazi imekwisha. Haijaisha. Swichi hiyo inakataza kumbukumbu zisitumike kuchagua matangazo, ila haigusi kumbukumbu zenyewe. Zile za mabati, za mikopo na za kubeti bado ziko kwenye akaunti, na kila siku mpya zinaongezeka. Siku ambayo mtu atairudisha swichi kwa bahati mbaya, malighafi ya kuandikia wasifu mpya itakuwa tayari inasubiri.

Kwa hiyo hatua ya pili ni kwenda kwenye rundo lenyewe, ambalo liko myactivity.google.com. Watu wengi huduwaa wanapoliona kwa mara ya kwanza. Kuna kila neno lililotafutwa, saa na dakika yake, video zilizotazamwa, programu zilizofunguliwa kwenye simu. Kuna swichi mbili kubwa zinazohusu matangazo. Ya kwanza inaitwa "Web & App Activity", na inahifadhi utafutaji, matumizi ya ramani, na matumizi ya huduma nyingine za Google. Ndani yake kuna kisanduku kidogo kinachoruhusu pia historia ya kivinjari cha Chrome na shughuli za tovuti na programu za watu wengine zinazotumia huduma za Google. Kisanduku hicho ndicho kinachoeleza kwa nini mtu anasoma habari kwenye tovuti isiyo ya Google kabisa, kisha habari hiyo inamfuata hadi YouTube. Swichi ya pili ni "YouTube History".

Ukigusa "Turn off" kwenye swichi yoyote kati ya hizo, unapewa njia mbili. Moja inasema "Turn off" tu, na nyingine inasema "Turn off and delete activity". Tofauti yake ni kubwa. Kufunga bomba hakumwagi maji yaliyokwisha kujaa kwenye ndoo, na njia ya kwanza inafunga bomba tu. Anayetaka kusafisha achague ya pili, kisha afuate maswali hadi pale anapothibitisha kufuta. Asiyetaka kuzima kabisa, labda kwa sababu anapenda simu imkumbushe alichotafuta juzi, anaweza kuchagua ufutaji wa wenyewe, ambao kwa Kiingereza umeandikwa "Auto-delete". Unampa muda wa miezi 3, 18 au 36, na kinachozidi umri huo kinafutwa bila yeye kufanya lolote. Tangu mwaka 2020 akaunti mpya zimekuwa zikiwekewa miezi 18 kwa shughuli za wavuti na programu. Akaunti za zamani hazikubadilishwa zenyewe. Mtu aliyefungua akaunti yake kabla ya hapo na hajawahi kuingia kwenye ukurasa huu anaweza kukuta kumbukumbu zake tangu siku ya kwanza.

Kufuta huko kunachukua muda. Kumbukumbu zinatoweka kwenye skrini mara moja na zinaacha kutumika kumchagulia mtu vitu, lakini kuziondoa kabisa kwenye mitambo kunachukua kama miezi 2 kwa maelezo ya Google, na nakala za akiba zinaweza kubaki hadi miezi 6. Kampuni inabakiza pia taarifa za jumla za matumizi: kwamba mtu alitafuta kitu siku fulani, bila neno alilolitafuta. Vilevile, historia iliyoko ndani ya kivinjari cha simu ni kitu tofauti. Ukifuta kwenye akaunti, ile ya kwenye simu inaweza kubaki, na ukifuta ya simu, ya kwenye akaunti inaweza kubaki. Inabidi kuzishughulikia zote mbili.

Kuna gharama pia, na ni haki msomaji aijue kabla ya kugusa chochote. Tangu Agosti 2023, mtu aliyezima na kufuta historia ya YouTube akifungua ukurasa wa mwanzo anaweza kuukuta mtupu, bila mapendekezo, na kisanduku cha kutafutia tu. Wapo wanaoufurahia utulivu huo. Wapo wanaouona mzigo, hasa wale waliozoea mahubiri au mafunzo ya ushonaji yajilete yenyewe. Mtu wa namna hiyo anaweza kubakiza historia ya YouTube, akaweka ufutaji wa miezi 3, na kuzima matangazo ya binafsi peke yake. Huo ni uamuzi wa busara kabisa, mradi anajua alichobakiza.

Kwa nini kurasa hizi zinahitaji kusomwa kwa makini namna hii? Jibu liko kwenye historia ya karibuni. Agosti 2018 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba watu waliozima "Location History", swichi iliyobeba jina la mahali, waliendelea kuhifadhiwa mahali walipokuwa. Sababu ilikuwa kwamba swichi nyingine kabisa, ileile ya "Web & App Activity", nayo ilikuwa ikihifadhi mahali, na wengi hawakuwa na namna ya kulibaini hilo. Majimbo 40 ya Marekani yalichunguza suala hilo, na Novemba 2022 Google ilikubali kulipa dola milioni 391.5 kulimaliza.

Kisha ikaja kesi ya "Web & App Activity" yenyewe. Septemba 2025 baraza la wazee wa mahakama mjini San Francisco liliamua kwamba Google ilikiuka faragha ya watu waliokuwa wamezima swichi hiyo, kwa sababu iliendelea kupokea taarifa za matumizi yao kupitia programu za watu wengine zilizojengwa kwa vifaa vya Google. Fidia iliyotajwa ilikuwa kama dola milioni 425. Kampuni ilijitetea kwamba taarifa hizo hazikufungwa kwenye majina ya watu na zilihifadhiwa kando, ikasema itakata rufaa. Lolote litakalotokea kwenye rufaa, msomaji anapata somo la kiufundi hapa: swichi ya akaunti inatawala kile kinachoandikwa kwenye akaunti. Programu zilizo ndani ya simu zina njia zao nyingine.

Njia kuu kati ya hizo ni kitambulisho cha matangazo. Kila simu ya Android yenye huduma za Google hupewa namba ndefu ya tarakimu na herufi, na programu yoyote, iwe ya tochi, ya mchezo au ya mikopo, inaweza kuiomba. Mchezo ukiona namba hiyo na programu ya mikopo ikaiona namba hiyohiyo, kampuni za matangazo zinaweza kuunganisha mambo mawili ambayo mtu aliyafanya mahali tofauti, hata kama hakuandika jina lake popote. Kuzima swichi kwenye My Ad Center hakuifuti namba hii. Inafutwa kwenye simu yenyewe: Mipangilio, kisha Google, kisha "Ads", kisha "Delete advertising ID". Kwenye baadhi ya simu njia hiyo imefichwa chini ya faragha na usalama, na kilicho rahisi ni kuandika neno "Ads" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio.

Hapo kuna machaguo mawili yanayofanana. "Reset advertising ID" inatoa namba mpya badala ya ya zamani, kwa hiyo ufuatiliaji unaanza upya kesho yake. "Delete advertising ID" inaiondoa. Kuanzia mwaka 2022, programu ikiomba namba iliyofutwa kwenye simu yenye huduma za Google inapewa sifuri tupu:

```
00000000-0000-0000-0000-000000000000
```

Sifuri hizo ni zilezile kwa kila aliyefuta, hivyo hazimtofautishi mtu na mwingine. Ukirudi kwenye ukurasa huo na kukuta sasa panakuomba uchukue kitambulisho kipya, ujue cha zamani kimeondoka. Hata hivyo maandishi ya ukurasa wenyewe yanaonya kwamba programu zinaweza kuwa na namna zao nyingine za kumtambua mtu. Programu iliyopewa namba ya simu ya mwalimu wakati wa kujisajili haihitaji kitambulisho cha matangazo kumjua. Kwa iPhone jambo hili limepangwa tofauti: tangu Aprili 2021 programu inalazimika kuomba ruhusa kwanza, na ruhusa hizo zinaweza kuzimwa zote kwa pamoja chini ya "Privacy & Security", kwenye "Tracking".

Facebook na Instagram zina rundo lao, na Google haina mamlaka juu yake. Humo kuna orodha ya shughuli ambazo tovuti na programu nyingine zimezipeleka Meta kuhusu mtu, na kuna njia ya kufuta uhusiano wa zile zilizopita na ya kukata zijazo. Neno la kuzingatia ni uhusiano. Meta inaendelea kupokea taarifa kutoka kwa biashara hizo, ila inaacha kuzifunga kwenye akaunti ya mtu. Anayekata zijazo ajue pia kwamba hataweza tena kuingia kwenye programu nyingine kwa kutumia akaunti yake ya Facebook, na wengi huligundua hilo wakiwa tayari wamefungiwa nje ya mchezo au duka walilolizoea.

Baada ya yote hayo mwalimu atajuaje kwamba amefanikiwa? Asihesabu matangazo, kwa sababu idadi haitapungua. Aangalie sababu zake. Akigusa nukta tatu pembeni mwa tangazo la Google, anaweza kusoma kwa nini ameonyeshwa. Ikiwa kazi imefanyika, sababu zitakuwa mada ya video anayoitazama, saa, au eneo la jumla alilopo. Akitazama video ya kwaya atapata labda tangazo la mtandao wa simu. Akitazama video ya kupaua nyumba atapata mabati, na hapo hajafuatwa na mtu. Tangazo limefuata video. Lakini akikuta sababu inayotaja shughuli zake za nyuma, kuna swichi iliyomponyoka.

Mara nyingi kosa liko kwenye idadi ya akaunti. Simu moja inaweza kuwa na anwani mbili au tatu za Gmail, ya kazini, ya zamani, na ile ambayo fundi alimfungulia, na kila moja ina swichi zake. Kuzima kwenye moja hakuzimi kwenye nyingine. Mara nyingine mtu amefungua YouTube kwenye kivinjari bila kuingia kwenye akaunti yoyote. Hapo mipangilio ya akaunti haihusiki, na kinachomtambulisha ni vidakuzi, yaani vijifaili vidogo ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari. Hivyo hufutwa kwenye mipangilio ya Chrome pamoja na historia. Kwa watoto, Google ilitangaza mwaka 2021 kwamba itazuia matangazo yanayolengwa kwa kutumia umri, jinsia au mapendeleo ya aliye chini ya miaka 18. Ulinzi huo unategemea akaunti kuonyesha umri wake halisi. Mtoto anayechezea simu ya mama yake anatazamwa kama mama yake.

Kuna aina ya matangazo ambayo hatua zote hizi hazitaigusa hata kidogo, nayo ni ujumbe mfupi. Kampuni ya kubeti au ya mikopo inayomtumia mwalimu ujumbe saa tatu usiku ina namba yake kwenye orodha, na orodha hiyo haiko Google wala Meta. Hapo dawa ni sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya na Uganda zilitunga za kwao mwaka 2019. Mwalimu anaweza kuiandikia kampuni aitake iache kutumia namba yake kwa matangazo na iifute, atunze nakala ya barua au ujumbe wake pamoja na tarehe, na akipuuzwa alipeleke lalamiko Tume pamoja na nakala hiyo.

Jambo la mwisho linahusu siku atakayobadilisha simu. Swichi za akaunti zitahamia naye, kwa kuwa ziko upande wa Google: akiingia kwa anwani ileile, "Personalized ads" itabaki imezimwa na rundo litabaki tupu. Kitambulisho cha matangazo hakihami hivyo. Simu mpya inakuja na chake, kikiwa hai tangu dakika ya kwanza, na kila programu anayoirudisha itakiomba inapofunguliwa. Aingie kwenye Mipangilio na kukifuta kabla hajaanza kupakua.